Nusu Kijiko cha Tangawizi kwa Siku

Katika nyumba nyingi za Uswahilini, kuanzia Tanga hadi Temeke, mimba changa hujulikana jikoni kabla haijatangazwa sebuleni. Mwanamke anaikimbia harufu ya kitunguu kinachokaangwa, mate yanamjaa mdomoni, na chai ya maziwa aliyoizoea tangu utotoni inamchefua. Hapo mtu mzima wa nyumba, bila kuuliza maswali mengi, huchukua kipande cha tangawizi, akakitwanga na kuinjika sufuria.

Dawa hiyo ya jikoni imepita kwenye mizani ya wataalamu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu huduma za wajawazito, uliotolewa mwaka 2016, unaitaja tangawizi kwa jina miongoni mwa vitu vinavyoweza kumtuliza mwanamke mwenye kichefuchefu katika miezi ya mwanzo. Bibi aliyetwanga hakukosea. Jambo ambalo jikoni halipimwi ni kiasi, na hicho ndicho kinachotenganisha kikombe kinachosaidia na kikombe kinachounguza kifua. Lipo na jambo la pili, zito kuliko la kwanza: siku ambayo tangawizi haitoshi tena.

Kichefuchefu cha ujauzito huwapata wajawazito walio wengi, takriban saba kati ya kila kumi. Kwa kawaida huanza kati ya wiki ya 4 na ya 7, zikihesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Hukolea karibu na wiki ya 9, na kwa wengi hupungua kati ya wiki ya 16 na ya 20. Huitwa ugonjwa wa asubuhi, ingawa wapo wanaoamka vizuri na kuanza kuteseka jua likizama.

Kwa miaka mingi mwanamke wa namna hiyo aliambiwa anadeka, au kwamba mimba imemkataa mumewe. Desemba 2023 jarida la sayansi la Nature lilichapisha utafiti ulioonyesha chanzo kikubwa cha hali hiyo: homoni iitwayo GDF15, ambayo mimba huimwaga kwa wingi kwenye damu ya mama, nayo ikafika kwenye sehemu ya ubongo inayoamsha kichefuchefu. Mwanamke ambaye kabla ya mimba mwili wake ulikuwa na kiasi kidogo cha homoni hiyo huumia zaidi, kama mtu asiyezoea pilipili anapowekewa mchuzi wenye pilipili tele. Mmoja wa walioongoza utafiti huo, mtaalamu wa jenetiki wa Marekani Marlena Fejzo, aliijua hali hiyo mwilini mwake: mwaka 1999 alipoteza mimba kutokana na kutapika kulikopita kiasi. Kwa hiyo mwanamke anayeshindwa kunyanyua kichwa mtoni hadeki. Mwili wake unapambana na kitu ambacho kinaweza kupimwa kwenye damu.

Tangawizi hufanya kazi zaidi tumboni. Ule ukali unaohisiwa kwenye ulimi unatokana na kemikali zinazoitwa jinjeroli, na tangawizi ikikaushwa sehemu ya jinjeroli hizo hugeuka kuwa shogaoli, zenye ukali zaidi. Ndiyo maana unga mkavu huwasha kuliko kipande kibichi. Kemikali hizi husaidia chakula kisikae muda mrefu tumboni, na huonekana kuzuia baadhi ya taarifa za kichefuchefu zinazotoka tumboni kwenda kwenye ubongo.

Jaribio moja linalofaa kujulikana lilifanyika Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2001. Wajawazito 70 ambao mimba zao hazijafika wiki 17 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa kapsuli za unga wa tangawizi, gramu 1 kwa siku. Kundi la pili lilipewa kapsuli zinazofanana nazo ambazo ndani yake hamkuwa na dawa yoyote. Hakuna mama aliyejua amepewa ipi. Gramu hiyo moja haikumezwa kwa mkupuo: iligawanywa mara nne, miligramu 250 baada ya kila mlo na miligramu 250 za mwisho kabla ya kulala. Baada ya siku nne, katika kundi la tangawizi wanawake 28 kati ya 32 walisema kichefuchefu kimepungua. Katika kundi la pili, waliosema hivyo walikuwa 10 kati ya 35 waliofuatiliwa hadi mwisho.

Hayo ni matokeo mazuri kwa kitu kinachouzwa sokoni kwa mafungu. Lakini mwaka 2014 watafiti walikusanya pamoja majaribio 12 ya namna hiyo, yenye wajawazito 1,278, wakakuta picha yenye pande mbili. Tangawizi ilipunguza ile hali ya kuchefuka. Idadi ya mara ambazo mama anatapika haikupungua kwa kiasi cha kutegemewa. Msomaji ashike tofauti hiyo, kwa sababu maamuzi yote yanayofuata yanaiegemea: tangawizi humsaidia mwanamke anayechefuka na bado anakula na kunywa kidogo. Kwa yule ambaye hata maji yanarudi, haina uwezo wa kumwokoa.

Sasa kuhusu kiasi. Gramu 1 ya unga wa tangawizi kavu ni kama nusu kijiko cha chai, kikiwa kimesawazishwa, si kile kilichojaa hadi kikawa na kilima. Hicho ndicho kipimo cha siku nzima. Majaribio mengi yalitumia kati ya gramu 1 na gramu 1.5, na hakuna ushahidi kwamba kuzidisha hapo kunaongeza nafuu. Robo tatu ya kijiko cha chai kwa siku basi ichukuliwe kuwa ukomo.

Kwa tangawizi mbichi hesabu ni nyingine, kwa kuwa karibu asilimia 80 ya uzito wake ni maji. Ili kupata gramu 1 ya kavu zinahitajika kama gramu 5 za mbichi, yaani kijiko kimoja cha chai cha tangawizi iliyomenywa na kutwangwa au kuparuzwa. Kijiko hicho kigawanywe katika vikombe vinne vya siku. Kila kikombe kimiminiwe maji yanayochemka, kifunikwe kwa dakika tano hadi kumi, kisha kinywewe polepole kikiwa vuguvugu. Wapo wanaokunywa kikiwa kimepoa kabisa kwa sababu mvuke wenyewe unawachefua, na hilo halina tatizo.

Kuna jambo dogo hapa ambalo wengi hulikosea. Wanawake wa Chiang Mai walimeza unga mzima, wakati anayechuja chai hubaki na sehemu tu ya ukali na makapi yakatupwa. Chai iliyochujwa kwa hiyo ni dhaifu kuliko kapsuli, na hilo si baya, lakini lisimfanye mtu afikiri kwamba lazima afidie kwa kuongeza kipande mara kumi.

Kufidia huko ndiko kunakoleta matatizo. Tuchukue mfano wa mwanamke wa miaka 26 mwenye duka la vitambaa Mbagala. Mfano huu umetungwa kutokana na mambo yanayotokea kila siku katika kliniki za wajawazito. Mimba yake ya kwanza ina wiki 7, na uzito wake kabla ya mimba ulikuwa kilo 58. Harufu ya vitambaa vipya imeanza kumchefua, na asubuhi anatapika mara moja au mbili.

Mama mkwe wake, kwa mapenzi kabisa, anatwanga tangawizi ukubwa wa ngumi, kama gramu 100, anaichemsha katika lita moja ya maji na kuijaza chupa ya chai. “Kunywa mwanangu,” anamwambia, “hii ni ya shambani, haina kemikali.” Hadi saa sita mchana chupa imekwisha. Gramu 100 za mbichi ni sawa na gramu 20 za kavu. Hata kama maji hayakunyonya kila kitu, amepita mbali sana kipimo cha siku.

Matokeo yake yanaonekana kabla ya jioni. Kifua kinaungua kutoka tumboni hadi kooni, anacheua kitu kichungu, tumbo linakata na anaharisha kidogo. Usiku anatapika tena, safari hii matapishi yakiwa makali kooni. Nyumbani wanasema mimba imezidi, kesho yake sufuria inaongezwa. Namna ya kutambua kosa ni kuangalia saa: kichefuchefu cha mimba huja na harufu, njaa au uchovu, lakini huyu anaungua kifua ndani ya nusu saa baada ya kila kikombe. Kinachomuunguza ni tangawizi.

Muuguzi wa zahanati alimshusha hadi kijiko kimoja cha chai cha tangawizi iliyotwangwa kwa siku, katika vikombe vinne, tena asinywe tumbo likiwa tupu. Kabla ya kushuka kitandani ale kwanza kitu kikavu: kipande cha mkate bila siagi, biskuti zisizo na krimu, au muhogo wa kuchemsha uliobaki jana. Akae kitako robo saa, ndipo anywe kikombe cha kwanza. Baada ya hapo ale kidogo kila baada ya saa mbili, kwa kuwa tumbo tupu humchefua mjamzito sawa na tumbo lililoshindiliwa. Siku ya nne alirudi dukani. Kichefuchefu hakikuisha, lakini kilipungua kiasi cha kumwezesha kukata kitambaa na kuhesabu fedha.

Siku nne ndiyo muda wa kutosha kuijaribu. Mwanamke ambaye baada ya siku nne hadi wiki moja haoni tofauti yoyote hana sababu ya kuendelea kujilazimisha. Kwa wengine harufu yenyewe ya tangawizi huwa kichocheo cha kutapika, na kuwasukuma waimeze ni kuwatesa bure.

Tangawizi huja kwa sura nyingi mitaani, na si zote ni tangawizi kwa maana inayozungumzwa hapa. Chai masala ni mchanganyiko wa iliki, karafuu, mdalasini, pilipili manga na tangawizi, kwa hiyo nusu kijiko chake hakimwambii mtu amekunywa tangawizi kiasi gani. Kahawa ya tangawizi ya vijiweni ni tamu kwa mazungumzo, lakini mjamzito anashauriwa asizidishe miligramu 200 za kafeini kwa siku, na vikombe kadhaa vya kahawa nzito, hata vikiwa vidogo, vinaweza kufika huko mapema. Soda ya tangawizi ina sukari nyingi, na mara nyingi ladha yake ni ya kutengenezwa. Ikiwa ndiyo pekee inayokaa tumboni siku hiyo, mama anywe mafunda yake bila kujilaumu, ila asiihesabu kuwa dawa. Tangawizi ya kwenye pilau, supu au mchuzi ni chakula, na hakuna haja ya kuipima.

Mchanganyiko unaotia shaka zaidi ni ule unaouzwa kwenye makopo yasiyo na maelezo, tangawizi ikiwa imechanganywa na mizizi na magome ambayo muuzaji mwenyewe hayataji. Usalama unaoelezwa katika makala hii ni wa tangawizi peke yake. Anayenunua kapsuli asome idadi ya miligramu kwenye kila moja: zikiwa za miligramu 250, nne kwa siku zinatosha, zikiwa za miligramu 500, ni mbili.

Je, mtoto yuko salama? Takwimu kubwa kuhusu swali hili zilitoka Norwei mwaka 2013. Watafiti waliangalia wajawazito 68,522, ambao kati yao 1,020 walisema walitumia tangawizi. Watoto wa waliotumia hawakuzaliwa na kasoro za maumbile zaidi ya wengine, wala kuzaliwa wafu, wala kuzaliwa kabla ya wakati. Kilichojitokeza ni kwamba kutokwa na damu ukeni baada ya wiki ya 17 kuliripotiwa zaidi kidogo na waliotumia: asilimia 7.8, dhidi ya asilimia 5.8 kwa wasiotumia. Tofauti hiyo haithibitishi kwamba tangawizi ndiyo iliyosababisha, lakini ni sababu ya kutosha kuiacha kichefuchefu kinapokwisha, badala ya kuifanya kinywaji cha miezi tisa.

Nchi nazo hazikubaliani zote. Uingereza inaitaja tangawizi katika miongozo yake kwa wenye kichefuchefu cha wastani, huku mamlaka ya chakula ya Finland ikiwashauri wajawazito waepuke bidhaa na chai za tangawizi, kwa hoja kwamba kiwango salama hakijathibitishwa vya kutosha. Mwandishi wa makala hii anaona ushahidi unaruhusu gramu moja kwa siku kwa muda wa kichefuchefu, na hauruhusu chupa nzima ya chai kila siku.

Wapo wajawazito ambao hata gramu hiyo wasiianze bila kumuuliza daktari. Wa kwanza ni anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, heparini au aspirini, kwa sababu tangawizi nyingi inaweza kuongeza wepesi wa damu. Yupo pia mwenye ugonjwa wa damu kutoganda, anayetokwa na damu katika mimba hii, mwenye mawe ya nyongo, na anayemeza dawa za kisukari. Wengine wote wanaweza kuitumia miezi ya mwanzo, ila wakikaribia kujifungua au wakipangiwa upasuaji waiache.

Vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, vinavyojulikana kliniki kwa jina la FEFO, vinahitaji neno lao. Kwa wengine huongeza kichefuchefu, na wengi huvificha chini ya godoro kwa sababu hiyo. Ni bora mama amwambie muuguzi ukweli. Mara nyingi kumeza kidonge usiku baada ya kula kunatosha kuondoa tatizo. Kidonge hicho kisimezwe kwa chai ya majani, iwe na tangawizi au bila, kwa kuwa chai hiyo huuzuia mwili kufyonza chuma. Maji ya tangawizi yasiyo na majani ya chai hayana kikwazo hicho. Wala udongo wa kutafuna, ule unaoitwa pemba Tanzania na odowa Kenya, si mbadala wa tangawizi. Unaweza kutuliza mate kwa dakika chache, lakini huzuia chuma, na unaweza kuja na risasi na mayai ya minyoo.

Turudi Mbagala. Katika wiki ya 9 mambo ya yule mwenye duka yalibadilika. Siku ya kwanza alitapika mara tano. Siku ya pili alitapika mara tisa, na hata kijiko cha maji kilirudi. Nyumbani walimwongezea tangawizi, ndimu na ukwaju. Siku ya tatu alipoinuka aliona giza, na mkojo wake, uliotoka mara moja tu tangu asubuhi, ulikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Mizani ya duka la dawa ilisoma kilo 54 na nusu.

Hesabu yake ni rahisi. Asilimia 5 ya kilo 58 ni karibu kilo 3. Yeye amepoteza kilo 3 na nusu. Mjamzito anayetapika hadi kupoteza asilimia 5 au zaidi ya uzito aliokuwa nao kabla ya mimba amevuka mpaka wa kichefuchefu cha kawaida, na kuna uwezekano mkubwa kwamba ana kutapika kulikokithiri, ugonjwa unaowapata wajawazito wachache, kiasi cha mmoja hadi watatu katika mia. Lakini mama asiye na mizani asiisubiri. Mkojo unatosha. Mjamzito ambaye hajakojoa kwa saa nane, au anakojoa kidogo sana na mkojo ni mweusi wa njano, ameishiwa maji. Ambaye hakuna kilichokaa tumboni kwa saa 24, chakula au kinywaji, anahitaji kituo cha afya siku hiyo. Kwa huyo, kikombe kingine cha tangawizi kinamchelewesha tu.

Katika kituo cha afya walimpima shinikizo la damu, mapigo ya moyo, mkojo na malaria. Kipimo cha malaria hakikuwa cha kujifurahisha. Katika ukanda wetu homa inayoambatana na kutapika inaweza kuwa malaria, na malaria ya mjamzito huua haraka, huku familia ikiamini ni mimba inamsumbua. Maambukizi ya njia ya mkojo nayo huleta kutapika, pamoja na maumivu ya kiuno au kuungua wakati wa kukojoa. Baadaye alipelekwa kwenye kipimo cha utrasaundi, kwa sababu kutapika kulikokithiri huwapata zaidi wenye mimba ya mapacha, na pia wenye mimba zabibu, ambayo haina mtoto anayekua kawaida na lazima iondolewe hospitalini. Yeye alikuwa na mtoto mmoja, moyo ukidunda.

Aliwekewa dripu ya maji yenye chumvi, pamoja na madini ya potasiamu yaliyopotea katika kutapika. Alipewa vitamini B1, iitwayo pia thiamini, na dawa ya kuzuia kutapika. Thiamini hiyo ina sababu nzito. Mtu aliyetapika kwa siku nyingi huishiwa vitamini B1, na akimiminiwa glukosi kabla ya kurudishiwa vitamini hiyo ubongo wake unaweza kuumia, akachanganyikiwa, akayumba na macho yakacheza. Ndiyo maana dripu ya glukosi ya kuwekewa sebuleni na mtu wa duka la dawa, ambayo familia nyingi huiona kuwa msaada wa haraka, ni hatari kwa mjamzito wa namna hii.

Dawa za kuzuia kutapika zinazotumika kwa wajawazito zipo, na zimetumika kwa miaka mingi: promethazini na metoklopramidi kwa mfano, na vitamini B6 kwa walio na hali nyepesi. Mtaalamu huchagua kulingana na umri wa mimba na hali ya mama. Kosa ni kununua dukani kidonge cha kutapika alichopewa jirani.

Alilala hospitali usiku mmoja, akatoka na vidonge vya siku kadhaa na maelekezo ya kunywa maji ya ORS kwa kijiko, kijiko kimoja kila baada ya dakika chache, badala ya glasi nzima inayorudi yote. Tangawizi aliambiwa apumzike nayo mpaka kifua kiache kuungua. Alirudi kwenye kikombe chake baada ya wiki moja, kwa kipimo kile kile cha zamani, na katika wiki ya 16 akakiacha kabisa. Wakati huo mwezi wa Ramadhani ulikuwa umeingia, naye alitaka kufunga. Muuguzi alimkumbusha ruhusa anayoijua kila Mwislamu, kwamba mjamzito anayeihofia afya yake au ya mtoto hula na kulipa baadaye, na kwamba chai ya tangawizi ya daku haiwezi kufidia maji ya siku nzima.

Kuna kutapika kwingine ambako kipimo chake si idadi ya mara. Kutapika damu, au kitu cheusi kama machicha ya kahawa. Maumivu makali ya tumbo, au tumbo kuuma upande mmoja pamoja na damu ukeni katika wiki za mwanzo, ambayo yanaweza kuwa dalili ya mimba iliyotunga nje ya kizazi. Homa. Macho kuwa ya njano. Kuchanganyikiwa au kuzimia. Kichefuchefu kilichoanza kwa mara ya kwanza baada ya wiki ya 9 au ya 10 pia kichunguzwe, kwa kuwa kile cha mimba huanza mapema zaidi. Na mwanamke ambaye mimba yake imepita wiki 20, anayetapika huku kichwa kikimuuma sana, macho yakiona ukungu au vimulimuli, au akiumwa chini ya mbavu za kulia, anaweza kuwa anaelekea kwenye kifafa cha mimba. Huyo apimwe shinikizo la damu bila kusubiri asubuhi.

Nyumba yenye mjamzito anayechefuka inaweza kuweka tangawizi yake jikoni na kijiko cha chai karibu yake. Iweke pia nauli kando, na namba ya dereva wa bodaboda au bajaji anayepokea simu usiku, kwa ajili ya siku ambayo maji hayakai tumboni.